Ipindue Kwanza: Namna ya Kukagua Meza na Viti Vilivyotumika

Muuzaji wa samani zilizotumika hupanga vitu vyake kwa upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Meza imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta, viti vimeelekezwa kwa wapita njia, kabati limesukumwa hadi mgongo wake umegusa ukuta. Si kosa lake, anauza. Kazi ya mnunuzi ni kwenda upande wa pili: chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya droo, kwenye nyayo za viti. Huko hakuna aliyepaka vanishi wala kufuta vumbi, kwa hiyo ndiko unakoweza kujua mbao ni ya mti gani, imeungwaje, ina wageni gani ndani yake na maji yameifikia wapi.

Hapa nitafuata kitu kimoja, seti ya meza ya chakula na viti vyake sita, kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Nimechagua seti hiyo kwa kuwa viti hupata shida kuliko samani nyingine zote za nyumbani. Vinakaliwa, vinaburutwa, vinaegemewa hadi miguu ya mbele inyanyuke, na sakafu chini yake inadekiwa kila asubuhi. Anayejua kukagua kiti hatababaishwa na kitanda wala kabati.

Seti za namna hiyo hupatikana kwa njia tatu. Kuna wauzaji wa pembezoni mwa barabara, ambao hununua kwa wanaohama, hurekebisha kidogo na kuuza. Kuna watu wenyewe wanaohama, hasa wageni wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni ambao mikataba yao ya kazi imekwisha. Wengi wao huondoka katikati ya mwaka shule za kimataifa zinapofunga, nao huuza kwa haraka kwa sababu tarehe ya ndege haisogezwi. Na kuna minada ya mali chakavu ya ofisi na taasisi, ambayo hutangazwa magazetini. Mnadani bei inaweza kuwa nzuri kuliko kwingine kote, lakini kitu huuzwa kama kilivyo na mahali kilipo, na nyundo ikishagonga huna pa kulalamika. Ndiyo maana tangazo huweka siku ya kutazama mali kabla ya mnada. Anayeruka siku hiyo akaja siku ya kunadi peke yake ananunua kwa macho ya watu wengine.

Popote utakapokwenda, nenda mchana, na nenda na vitu vinne: futi ya kupimia, tochi ya simu, msumari au ufunguo wenye ncha, na karatasi nyeupe. Karatasi utaona kazi yake.

"Mninga mtupu, mama"

Neno la kwanza utakalosikia ni mninga. Kwa wauzaji wa samani kila mbao yenye rangi ya kahawia ni mninga, na ikiwa nyeusi kidogo basi ni mninga wa zamani. Ukionyesha shaka utaambiwa, "Nyanyua upande mmoja mama, usikie uzito wake."

Utanyanyua, na itakuwa nzito kweli. Uzito huo haujathibitisha kitu. Mninga mkavu una uzito wa kilo 600 na kitu kwa mita moja ya ujazo, wakati MDF, yaani ubao wa kiwandani uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, hufika kilo 700 na zaidi. Chipubodi nayo haiko mbali. Meza ya ubao wa kiwandani iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao inaweza kukuvunja mgongo kuliko meza ya mninga halisi. Mbao nyepesi kati ya zote utakazokutana nazo ni paini, ile inayotoka kwenye mashamba makubwa kama Sao Hill kule Mufindi. Kwa hiyo uzito unaweza kukusaidia kuishuku paini. Haukusaidii hata kidogo kuitambua MDF.

Kinachothibitisha ni ncha ya ubao. Chuchumaa, utafute mahali ubao wa juu wa meza unapoishia, na ulinganishe mistari. Kwenye mbao halisi, mistari unayoiona juu ya meza hushuka na kuendelea kwenye ncha, kisha unaikuta tena upande wa chini ikiwa imekaa mahali palepale au karibu yake. Kwenye ubao uliobandikwa, mistari hukatika ghafla pembeni na ukingo umefunikwa kwa utepe mwembamba, ambao mara nyingi umeanza kubanduka kwenye kona. Na kama mistari imechapwa kiwandani, itazame kwa utulivu: fundo fulani lenye umbo fulani litajirudia sentimita kadhaa mbele, lilelile, na mkia wake uleule. Mti haurudii picha.

Ukishajua kuwa ni mbao halisi, swali linalobaki ni mbao gani. Hapa tafuta mahali pasipo na rangi, kwa mfano upande wa ndani wa fremu inayobeba ubao wa meza, ukwaruze kidogo kwa ufunguo na kupalowesha kwa kidole chenye maji. Mninga, mvule na mtiki zina vitundu vidogo vinavyoonekana kwa macho kama vistari vifupi vilivyochorwa kwa sindano kufuata urefu wa ubao. Paini haina vitundu hivyo. Ina mapande yanayopishana, moja jeupe na moja la kahawia, na mafundo ya mviringo, na ukiikandamiza kwa ukucha inabonyea. Paini iliyopakwa rangi ya mninga hutoa weupe mara tu unapoikwaruza.

Paini si mbao mbaya. Nina kabati la paini ambalo limenitumikia vizuri na sina mpango wa kulibadilisha. Ubaya ni kulipia paini bei ya mninga.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mninga ambalo wauzaji wengi wenyewe hawalijui. Gogo la mninga lina kiini cha kahawia chenye kudumu, na kukizunguka kiini kuna tabaka pana la mbao nyeupe ya kimanjano. Kiini hakiwapendezi wadudu. Ile sehemu nyeupe ni chakula chao. Fundi anayebana matumizi huchanganya vipande vyeupe kwenye fremu na miguu ya viti kisha hupaka rangi ili vifanane na vingine. Kwa hiyo kiti kinaweza kuwa mninga kweli, muuzaji hajasema uongo, na bado kikaliwa. Ukiona mguu mmoja una rangi nzito kuliko mingine, kwaruza huo kwanza.

Karatasi nyeupe

Mbao za samani za pwani zina maadui wawili wanaochanganywa mara nyingi, na tofauti yao ni muhimu kwa sababu hawatibiwi kwa namna moja.

Wa kwanza ni fukusi. Huyu ni mdudu mdogo ambaye funza wake huibungua mbao kutoka ndani, kisha akikomaa hutoka kupitia tundu la mviringo lenye upana wa milimita moja au mbili. Alama yake ni unga. Ukiusugua kati ya vidole hausikii chembe, ni laini kama poda. Fukusi wa aina hii huipenda ile mbao nyeupe ya pembeni ya miti migumu, na akishaimaliza hasogei kwenye kiini. Kwa maana hiyo kiti chenye vitundu vya fukusi kwenye kipande kimoja kinaweza kuokolewa kwa kubadilisha kipande hicho.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu, na huyu ndiye wa kuogopa. Hana uhusiano na wale mchwa wanaopanda ukutani na njia zao za udongo. Hahitaji udongo wala unyevu wa ardhini, anaishi ndani ya mbao hiyohiyo anayoila, na kundi zima linaweza kuhamia kwako likiwa ndani ya mguu wa meza bila wewe kuona mdudu hata mmoja. Anachotoa nje ni kinyesi chake, akikisukuma kupitia kitundu kidogo. Kikidondoka chini hufanya kichuguu kidogo cha chembe zinazofanana na mchanga. Chukua chembe hizo uziweke kwenye karatasi nyeupe, uzimulike kwa tochi na kuzivuta karibu kwa kamera ya simu. Kila chembe haifiki hata milimita moja, ina umbo la mbegu, na ubavu wake una pande sita zilizobonyea kidogo, kana kwamba imekandwa na vidole. Mchanga hauna umbo hilo, na unga wa fukusi hauna chembe kabisa. Ukiziona pande sita, huna haja ya kuuliza zaidi.

Kazi ni kujua kama wadudu bado wapo au walishaondoka. Vitundu vya zamani vina kingo zilizoingia uchafu na ndani yake ni vyeusi. Vipya vina kingo safi na rangi ya mbao mbichi. Gonga mguu wa kiti kwa kisigino cha mkono juu ya karatasi uone kinachodondoka, lakini usihukumu kwa hilo peke yake, kwa sababu hata tundu lililohamwa miaka mingi hutoa vumbi likitikiswa. Njia ya uhakika zaidi ni kumwomba muuzaji asafishe kiti, akiache juu ya gazeti mpaka kesho bila kukigusa, nawe uache chochote cha kushika nafasi. Chembe mpya zikiwa juu ya gazeti asubuhi, mna jibu wote wawili. Muuzaji anayejiamini hukubali. Anayekwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache ampe huyo mteja.

Kisha pitisha ncha ya msumari taratibu chini ya fremu na kwenye miguu, ukigongagonga. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyoliwa ndani hulia kama debe tupu, na wakati mwingine msumari unazama kabisa kwa sababu kilichobaki ni ngozi ya vanishi tu. Rangi mpya nzito, hasa nyeusi au ya chokoleti isiyoonyesha mistari ya mbao, ni sababu ya kugonga mara mbili. Vitundu huzibwa kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la msasa, vikapigwa msasa na kupakwa rangi. Chini ya kiti hawahangaiki kuziba.

Watu wengi hutibu kwa kupaka mafuta ya taa. Mafuta hayo huua wanaoguswa nayo, lakini hayafiki katikati ya mguu mnene, na mchwa wako katikati. Dawa ya mbao ikiingizwa kwenye vitundu kwa bomba la sindano hufanya kazi nzuri zaidi, na kwa fukusi wa kwenye kipande kimoja inatosha. Kwa mchwa wa mbao kavu waliosambaa kwenye fremu ya meza, ushauri wangu ni kuondoka. Bei yoyote utakayopunguziwa haitalipa milango na dari ya nyumba yako.

Kiti kinaanza kufa kwa nyuma

Mtu akiegemea kiti, mzigo wote hukusanyika mahali pamoja, pale fremu ya kikalio inapoungana na mguu wa nyuma. Ndipo viti vingi huvunjikia. Kiungo cha hapo kikiwa kizuri, fremu ina ulimi uliochongwa unaoingia kwenye tundu la mguu na kushikwa na gundi. Wengine hutumia vigingi vya mbao vya mviringo badala ya ulimi, na navyo vinafaa vikiwa viwili au zaidi. Kiungo cha kupachika na kupigilia misumari hakifai kwa kiti, kwa sababu msumari hupanua tundu lake kila mtu anapoegemea.

Kipeleke kiti kwenye sakafu ya saruji, kwani kwenye mchanga wa pembeni mwa barabara kila kiti kimetulia. Weka mikono juu ya kona mbili zinazotazamana, ukandamize, kisha ubadilishe kona. Kikicheza, angalia kama tatizo ni mguu mmoja mfupi au fremu iliyopinda. Halafu simama nyuma yake, shika juu ya mgongo, weka goti kwenye kikalio na uvute kuja kwako kwa nguvu za kawaida. Macho yako yawe kwenye kile kiungo cha nyuma. Ukiona mstari mweusi unafunguka na kufunga, kiungo kimeachia.

Kiungo kilichoachia si sababu ya kukikataa kiti. Ni sababu ya kupunguziwa bei. Fundi hukigonga kikafunguka, hukwangua gundi yote ya zamani kwa patasi mpaka mbao ionekane, hupaka gundi mpya na kukibana hadi siku ya pili. Asiye na vibanio hutumia kamba iliyozungushwa na kusokotwa kwa kijiti, na inabana vizuri tu. Sharti ni kukwangua. Gundi nyeupe ya maji haishiki juu ya gundi nyingine iliyokwisha kukauka, na fundi anayechuruzisha gundi kwenye ufa bila kukifungua kiti amekuuzia wiki tatu.

Kisichofaa ni kiti ambacho mtu mwingine alishakitengeneza vibaya. Pindua ukiangalie kwa ndani. Misumari iliyopigwa kwa pembe kwenye kiungo, vyuma vya kona, waya, tabaka nene la gundi ya manjano: hayo yote yanakwambia kuwa ulimi umevunjika ndani, na kuna uwezekano misumari imepasua mguu. Kukirudisha kunahitaji mguu mpya. Usichanganye na vile vipande vya mbao vya pembetatu vilivyofungwa kwa skrubu kwenye kona za ndani za fremu. Hivyo ni vya asili na ni dalili ya fundi aliyejua kazi.

Baada ya viungo, nyayo. Maji ya kudeki huingia mbao kwa kasi kupitia ncha, na ncha ya mguu wa kiti ndiyo inayokaa ndani ya maji hayo miaka nenda rudi. Chomeka msumari kwenye nyayo za miguu yote. Ukizama milimita kadhaa bila kulazimishwa, hapo pameoza. Muuzaji mjanja huwa amekwisha kukata sehemu hiyo, na hapa ndipo futi inapofanya kazi. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na kikalio cha kiti sentimita 45. Ukikuta meza ya 70 na viti vya 41, vimefupishwa, na kilichofupishwa kilikuwa kimeoza. Huenda kilichobaki ni kizima, lakini utakula umekunja magoti, na meza yenyewe imekwambia ilikaa kwenye nyumba ya maji mengi. Pima pia kiti kimoja kimoja. Seti za mitaani mara nyingi zimekusanywa kutoka nyumba mbili, na sentimita mbili za tofauti hazionekani mpaka wageni wakae.

Ubao wa juu wa meza una mambo yake. Inama hadi jicho lako liwe sawa na uso wa meza uone kama umepinda, au vuta uzi kutoka kona hadi kona. Doa jeupe la mviringo lililoachwa na kikombe cha moto liko ndani ya vanishi, na huondoka vanishi ikiondolewa. Doa jeusi limeingia kwenye mbao, na huenda likabaki hata baada ya kupiga randa. Ufa unaofuata mistari ya mbao kwa urefu unatokana na mbao kusinyaa huku skrubu zimeizuia isisogee. Fundi anaweza kuupasua ubao kwenye ufa, kuunyoosha na kuugundi upya, ukipoteza milimita chache za upana. Jambo hili litazame zaidi kama unanunua Dar ili upeleke Dodoma. Mbao iliyozoea hewa nzito ya pwani itasinyaa kwenye ukavu wa kule, na ufa ambao leo unapitisha kucha kwa shida utapitisha sarafu.

Kuhusu sofa nitasema machache, kwani uchunguzi wake unakatishwa na kitambaa: huwezi kuona mbao bila kupasua. Nyanyua kona moja ya mbele. Ukifika sentimita 15 na mguu wa mbele wa upande mwingine bado umekaa chini, fremu imelegea. Kisha chungulia kwenye mishono na chini ya mito utafute vidoadoa vyeusi kama vya wino. Ni kinyesi cha kunguni, na sofa yenye hivyo iache hapohapo. Viti vya mbao navyo havijasalimika, vichunguze kwenye matundu ya skrubu na nyufa za viungo.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Kosa la kawaida ni kuanza kupatana kabla ya kujua ukarabati utagharimu kiasi gani. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi uzibadilishe kwa bei za mtaa wako. Tuseme muuzaji ameanzia shilingi 750,000 kwa meza na viti sita. Umekagua: ni mninga, hakuna wadudu, viti viwili vimelegea kiungo cha nyuma, kimoja kina mguu uliopigiliwa misumari, juu ya meza vanishi imechakaa na kuna doa jeusi moja.

Kabla ya kwenda ulipitia kwa mafundi, Keko kwa mfano, ambako mafundi seremala wamejaa, ukauliza seti mpya ya namna hiyo. Tuseme ulitajiwa 1,300,000. Ukauliza na ukarabati: kufungua na kugundi upya kiti kimoja 10,000, mguu mpya wa nyuma 40,000, kupiga msasa na vanishi seti nzima 120,000. Viti viwili vilivyolegea ni 20,000, mguu 40,000, vanishi 120,000, na guta au kirikuu la kubeba tuseme 30,000. Jumla ni 210,000.

Kipimo changu ni kwamba samani iliyotumika, ikishafika nyumbani na kukarabatiwa, isizidi asilimia 60 ya bei ya mpya. Asilimia 60 ya 1,300,000 ni 780,000. Toa 210,000 za ukarabati na usafiri, inabaki 570,000. Hiyo ndiyo dari yako, na unaanzia chini yake, labda 450,000. Watu wengine watasema asilimia 60 ni ubahili. Kwangu ni bei ya kutokuwa na fundi wa kumrudishia.

Mpatano nao huenda vizuri ukiongea kwa kuonyesha. "Kaka, seti nimeipenda. Ila njoo uone mguu huu, una misumari mitatu, fundi lazima achonge mwingine. Na hivi viwili vinacheza." Muuzaji hawezi kubishana na kiti kinachocheza mbele yake. Ukimwambia tu kwamba bei ni kubwa, mtabishana hadi magharibi. Na ukikuta kasoro uliyokuwa huijui katikati ya mazungumzo, rudia hesabu, usione haya kushusha dari.

Mkikubaliana, andikishianeni. Karatasi moja inatosha: jina la muuzaji na namba yake, kitu gani, bei, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi mmoja. Ukinunua kwa mtu anayehama, fanya hivyohivyo. Mali ya wizi hupita kwenye masoko haya, na siku mwenyewe akiitambua meza yake sebuleni kwako, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha uliipata kwa nani. Muuzaji asiyetaka kuandika jina lake amekwisha kukujibu. Na pakia mchana, kwani gari lenye vyombo vya ndani saa nne usiku husimamishwa.

Seti ikifika, isiingie sebuleni moja kwa moja. Iweke barazani au stoo kwa wiki mbili, kila mguu juu ya karatasi nyeupe, na uangalie karatasi kila baada ya siku chache. Wiki mbili zinatosha pia kwa mayai ya kunguni kuanguliwa katika joto letu, hivyo waliokuwa wamejificha kwenye viungo wataonekana. Vanishi isubiri muda huo upite, kwa sababu ukipaka mapema utakuwa umeziba vitundu ambavyo ulitaka kuviona.

Na fundi akianza kazi, mlipe kwa awamu mbili. Mwambie akuite viti vikishagundiwa na kukauka, kabla hajapaka chochote. Nenda, weka goti kwenye kikalio, vuta mgongo kama ulivyofanya ulipokinunua. Kiungo kikitulia, mpe fedha ya vanishi aendelee.